"Halikukubaliwa" si "halijakubaliwa": kukataa ombi kwa barua ya Kiswahili

Ujerumani mtu hunyimwa kwa karatasi, na hunyimwa waziwazi. Barua ya ofisi ya serikali kwa kawaida inaanza na uamuzi wenyewe: ombi lako la tarehe fulani limekataliwa. Zinafuata sababu, na mwisho kabisa ipo aya inayokueleza kwamba unaweza kuupinga uamuzi ndani ya mwezi mmoja, na pingamizi ulipeleke wapi. Aya hiyo wakiisahau, muda wako wa kupinga unakuwa mwaka mzima. Shukrani hamna, masikitiko hamna. Mtu aliyetoka kwetu akiisoma mara ya kwanza anahisi amefukuzwa mlangoni. Akiisoma tena anakuta ana vitu viwili mkononi: anajua kwamba amekosa, na anajua ana siku ngapi za kulalamika.

Waajiri wa huko wanaandika kwa sauti nyingine. Wanashukuru kwa maombi yako, wanasikitika, wanakutakia heri katika safari yako ya kazi, basi. Sababu hawaitaji. Tangu mwaka 2006 kuna sheria ya kuzuia ubaguzi, na mwombaji anayeona amebaguliwa ana miezi 2 ya kudai fidia kwa maandishi. Mwajiri anachelea kwamba neno lolote la sababu litageuka ushahidi. Kwa hiyo ule upole, kwa maoni yangu, ni wa woga wa mahakama kuliko wa utu.

Upole wa barua zetu una chimbuko tofauti. Sisi tumelelewa tusimwambie mtu "hapana" usoni. Muulize kijana kama ameoa, atajibu "bado". Muulize mama asiye na mtoto, atajibu "bado", hata kama umri umekwenda. "Hapana" inafunga mlango ambao ni wa Mungu kuufunga, na hilo mimi naliheshimu sana. Tatizo linaanza pale "bado" ya mazungumzo inapoingia kwenye barua rasmi, kwa sababu huko inabeba kazi isiyoiweza.

Itazame kwenye kitenzi. "Ombi lenu halijakubaliwa" na "ombi lenu halikukubaliwa" zinatofautiana kwa silabi moja tu. Ile -ja- inasema jambo halijatokea mpaka sasa, na huenda likatokea. Ile -ku- inasema limeamuliwa na limekwisha. Mwandishi mwenye huruma hukimbilia -ja- kwa sababu haichomi. Anayepokea naye anaisoma kama ilivyo, kwamba kikao bado, na anakaa kusubiri. Ndivyo ilivyo pia kwa "linafanyiwa kazi", "tutaliangalia" na "Mungu akipenda". Kwa mdomo, mkiwa mmekaa kibarazani, sura na sauti vingemwambia mwenzako kwamba hapo hakuna kitu. Karatasi haina sura. Inabaki ahadi, na ahadi ni deni.

Tuchukue mfano wa jambo linalowafika viongozi wengi wa vyama vya Watanzania walioko nje. Shule ya msingi inaomba madawati 60 kwa shilingi 80,000 kila moja, jumla shilingi 4,800,000. Kamati inakaa na kuona haiwezekani. Katibu, kwa kutotaka kumvunja moyo mwalimu mkuu, anaandika hivi:

"Tunashukuru sana kwa barua yenu nzuri. Tumeguswa mno na hali ya watoto wetu. Ombi lenu limepokelewa na linafanyiwa kazi, lakini kwa sasa hali ya mfuko si nzuri. Tuzidi kuombeana, na Mungu akipenda tutaliangalia."

Mwalimu mkuu ataisoma barua hiyo kwenye kikao cha wazazi, na atakuwa na haki ya kusema kwamba chama kimekubali ila fedha hazijafika. Wazazi waliokuwa wakichanga wataona hakuna haja ya kuendelea. Fundi ataambiwa asubiri. Muhula utaisha, simu zitaanza, na siku ukweli utakapotoka, atakayeonekana mwongo mbele ya kijiji ni mwalimu ambaye hakudanganya.

Kinyume chake nacho hakifai. "Ombi lenu limekataliwa. Hatuna fedha." Hapo makosa ni mawili. "Limekataliwa" linamfanya mwombaji aone kwamba amesukumwa yeye, wakati "halikukubaliwa" linasema jambo lile lile kwa kuligusa ombi tu. Na "hatuna fedha", ikiandikwa na watu walioko Ulaya, nyumbani haiaminiki. Sababu inayoaminika ni utaratibu: fedha zinagawiwa lini, na za mwaka huu zimekwenda wapi.

Mimi ningeiandika hivi, baada ya anwani, kumbukumbu namba na tarehe:

"YAH: OMBI LA MADAWATI 60

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumepokea barua yenu ya tarehe 3 Februari 2025. Tunawashukuru kwa kutushirikisha na kwa kutueleza kwa kina hali ya madarasa.

Kamati ilikaa tarehe 1 Machi 2025 na kulijadili ombi hilo. Tunasikitika kuwajulisha kwamba halikukubaliwa. Fedha za msaada za chama hugawiwa mara moja kwa mwaka, mwezi Januari, na za mwaka huu zimekwisha kutolewa kwa zahanati.

Maombi ya mwaka 2026 yatapokelewa hadi tarehe 30 Novemba 2025, nanyi mnaweza kuomba upya. Hata hivyo, barua hii si ahadi kwamba ombi hilo litakubaliwa.

Tunawatakia kazi njema."

Kichwa cha habari ni kile kile walichokitumia wao. Usiandike "YAH: KUKATALIWA KWA OMBI LENU". Barua rasmi inapita mikono ya karani na wengine kabla ya kumfikia mwenyewe, na si haki wote hao waijue habari kabla yake. (Kenya wataandika KUH au MINT badala ya YAH, lakini kanuni haibadiliki.)

Shukrani zinataja kitu. "Tunashukuru kwa barua yenu nzuri" inaweza kwenda kwa yeyote. "Kwa kutueleza kwa kina hali ya madarasa" inaonyesha kwamba barua ilisomwa, na kwa aliyekaa usiku akiiandika, hilo ndilo lenye uzito. Kisha sentensi ya shukrani imefungwa kwa nukta. Ukiiunganisha na "lakini", umeshaifuta, kwa sababu msomaji anapoiona "lakini" anasahau yote yaliyotangulia.

Kinachofuata ni kikao na tarehe yake. Wengi huliruka hili, na kwangu ndilo la upole kuliko yote. Mtu anayekosa anataka kujua kwamba watu walikaa wakalizungumza jambo lake, na kwamba halikutupwa kapuni na mtu mmoja. Lakini liandike tu kama kikao kilifanyika kweli.

Sasa neno la majuto. Kiswahili kinatupa kadhaa, na hayafanani. "Tunasikitika" lina mwenyewe: ni sisi tunaosikitika, ila hatukiri kosa. "Inasikitisha kwamba" halina mwenyewe, ni kama tunaongelea mvua. "Tunaomba radhi" ni la aliyekosea, kwa hiyo liweke pale tu ulipokosea kweli, hasa kwa kuchelewa kujibu: "Tunaomba radhi kwa kuchelewa kuwajibu." Ukiomba radhi kwa uamuzi wenyewe, mwombaji atauliza kwa nini basi hamuurekebishi. "Samahani" ni ya kumkanyaga mtu kwenye daladala, kwenye barua ya namna hii inapwaya. Na "poleni" ni ya aliyefikwa na jambo. Kama paa la darasa liling'olewa na upepo, sema poleni kwa hilo, mwanzoni mwa barua. Usiseme poleni kwa kuwa wewe umewanyima.

Kuna pia "hatukuweza". Linasikika laini, na mara nyingine ni la kweli. Lakini linazungumzia uwezo, na uwezo hubadilika. Mwandikie mtu "hatukuweza kulikubali ombi lenu" na miezi 3 baadaye atauliza, kwa nia njema kabisa, kama sasa mmeweza. Litumie pale ambapo kweli kilichokosekana ni uwezo na ungefurahi kuulizwa tena. Kama ni utaratibu uliozuia, "halikukubaliwa" ni salama zaidi. "Kwa sasa" nalo lina hatari hiyo hiyo. Likisimama peke yake ni ndoano ya matumaini. Likiwa na tarehe mbele yake, kama hapo juu 30 Novemba, linakuwa taarifa, na ndiyo maana mimi huona tarehe inatosha bila "kwa sasa".

Hapa ndipo ninapowapa Wajerumani haki yao. Ile aya yao ya mwisho, yenye mwezi mmoja na anwani ya kupeleka pingamizi, ni ya ubaridi kwa maneno lakini inamwachia mtu jambo la kufanya. Barua zetu nyingi humwachia dua tu. Dua ni njema, na sioni sababu ya kuiondoa, ila ikae chini ya tarehe, isikae badala yake.

Barua ikiisha, itazame kwa jaribio dogo. Mpe mtu ambaye hakuwa kikaoni, mwache aisome mara moja, kisha muulize: wamepata au hawajapata? Akijibu "nadhani hawajapata", rudi kwenye kitenzi. Karibu kila mara utakuta -ja- au -ta- imejificha mahali palipotakiwa -ku-.

Limebaki jambo moja ambalo wenzetu wa Ulaya hawalifanyi na sisi tusiliache. Barua isitangulie sauti. Kabla haijatumwa, mtu mzima katika kamati ampigie mwalimu mkuu simu, jioni, akiwa ametoka kazini. Amsalimie kwanza, aulize watoto na mvua, kisha aseme bila kuzunguka: "Mwalimu, tulikaa Jumamosi. Ombi la madawati halikupita. Barua inakuja na maelezo yote, nikaona si vizuri uisome kabla hatujaongea." Baada ya hapo anyamaze, amwache mwalimu aseme lake.