Karatasi ya Picha Haikupi Pikipiki

Jumatatu asubuhi mpwa wangu aliingia saibani kwangu, hapa Bombolulu, Mombasa, akiwa na helmeti mkononi na hana pikipiki. Alikaa kwenye kiti cha wateja akanyamaza. Nilipomuuliza, akasema, "Khalati, wameichukua." Watu watatu walikuja na pikapu mpaka stejini pao Kongowea, wakiwa na karatasi za kampuni ya mikopo na ufunguo wa akiba. Wakaitia ufunguo, ikawaka, wakaipakia. Miezi minne alikuwa akiiendesha ile Boxer, na alikwisha kuilipa yote, shilingi 75,000, kwa mtu aliyempata kwenye tangazo mtandaoni.

Nina hasira, na sitaificha. Kila wiki naketi na watu mbele ya kompyuta hii kufanya uhamisho wa magari na pikipiki kwenye eCitizen, na mtoto wa dada yangu mwenyewe hakunipigia simu hata mara moja kabla ya kutuma pesa. Ndiyo maana naandika.

Tangazo lilikuwa zuri. Picha sita, bei 78,000, na maneno "logibuku ipo mkononi". Mwuzaji alimwambia pikipiki ni ya kaka yake aliye Qatar, amempa aiuze. Akamtumia picha ya logibuku yenye jina la huyo kaka, halafu picha ya skrini ya matokeo ya utafutaji wa NTSA, mamlaka inayosajili vyombo vya barabarani, jina lile lile. Walipokutana akamkabidhi logibuku ya karatasi na fomu ya uhamisho iliyokwisha kutiwa sahihi. "Ukipata nafasi utaenda kubadilisha jina." Mpwa wangu akatuma pesa kwa M-Pesa, na ujumbe ukarudi na jina la tatu, si la mwuzaji wala la kaka wa Qatar. Akaliona, akadhani ni laini ya mkewe.

Nilifungua akaunti yangu palepale, nikaandika namba ya pikipiki, nikalipa 550. Wamiliki walikuwa wawili: mtu mmoja, na kampuni ya mikopo. Basi. Hiyo ndiyo siri yote ya ile pikipiki, na ilikuwa pale siku zote, kwa mwenye kutafuta mwenyewe.

Boda nyingi za mkopo husajiliwa hivi, majina mawili, la mkopaji na la mkopeshaji, mpaka deni liishe. Logibuku ya kweli hukaa kwa mkopeshaji. Kwa hiyo aliyekuwa na logibuku yenye jina moja tu alikuwa na karatasi ya kutengeneza, na ile picha ya skrini ilikuwa imehaririwa au imetoka kwa pikipiki nyingine. Karatasi mtu anaweza kuichapisha. Rekodi ya NTSA hawezi kuichapisha kwenye simu yako wewe, ukiwa umeingia kwa akaunti yako wewe. Ndiyo maana nasema: matokeo ya utafutaji yaliyotoka kwenye simu ya mwuzaji hayahesabiki kabisa, hata kama ni mtu mnayeswali naye msikiti mmoja.

Hiyo fomu yenye sahihi ndiyo inayoniumiza zaidi. Bado watu wanaipokea kama zamani, ilipokuwa mtu anauza gari kwa fomu tupu yenye sahihi, mnunuzi anamuuzia mwingine, na mwingine kwa mwingine, mpaka gari lina wenyewe watano na rekodi inamjua wa kwanza tu. Mfumo wa sasa hauko hivyo. Uhamisho unaanzishwa na mwenye jina kwenye rekodi, kutoka akaunti yake mwenyewe ya eCitizen, kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu yake mwenyewe. Anaandika kitambulisho cha mnunuzi, na ombi linatokea kwenye akaunti ya mnunuzi, naye analikubali. Kama wamiliki ni wawili, mkopeshaji naye lazima akubali. Fomu iliyotiwa sahihi na mtu asiyeingia kwenye akaunti yake haihamishi kitu.

Na sheria inamtazama nani? Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8, inasema aliyesajiliwa ndiye huchukuliwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinamtaka mwenye kuuza aarifu ndani ya siku 7, na chombo kisitumike barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuhamishwa bila mwenye mpya kusajiliwa. Mpwa wangu ameendesha miezi minne. Na juu ya hayo, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa haimruhusu mtu kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana. Yule mwuzaji hakuwa na haki ya kuuza, basi mpwa wangu hakununua kitu ila deni la mtu mwingine. Madai yake ni kwa mwuzaji, ambaye simu yake imezimwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata wanaofanya utafutaji wao wenyewe hulisahau. Utafutaji hujibu swali moja tu: namba hii ya usajili ni ya nani? Haukuambii kama chuma kilichosimama mbele yako ndicho hicho kilichoandikwa. Mwizi akichukua Boxer nyekundu ya wizi, akaibandika namba za Boxer nyekundu ya mwalimu mmoja Kilifi, utafutaji utatoka safi kabisa. Jina la mtu mmoja, hakuna mkopo, hakuna kizuizi. Ni safi kwa sababu ni rekodi ya mwalimu.

Kinachofunga rekodi na chuma ni namba ya chesisi. Matokeo ya utafutaji yana namba hiyo na ya injini. Kwenye pikipiki, chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Geuza usukani upande mmoja, futa vumbi na grisi kwa kitambaa, umulike kwa tochi ya simu. Herufi na tarakimu ni 17, na herufi I, O na Q hazitumiki, kwa hiyo ukiona kinachofanana na O ni sufuri, na ukiona O ya kweli una tatizo. Pikipiki za Bajaj, na Boxer ni mojawapo, huanza na MD2. Za TVS huanza na MD6. Mtu akikuuzia Boxer yenye shingo iliyoandikwa MD6, hiyo fremu si ya Boxer.

Halafu weka karatasi nyembamba juu ya namba, uikwaruze kwa penseli iliyolala. Macho hudanganywa na rangi, lakini penseli huonyesha ulivyo uso wa chuma. Namba za kiwandani hutoka kwa mstari, kina kimoja, nafasi sawa. Iliyogongwa upya hutoka na tarakimu moja iliyozama kuliko jirani zake, au 3 iliyogeuzwa kuwa 8 kwa mguso wa pili, na nyuma yake mikwaruzo ya msasa inayokwenda upande mmoja. Rangi mpya kwenye shingo peke yake, ilhali fremu nyingine imechakaa, inatosha kukurudisha nyumbani. Namba ya injini isipolingana si lazima iwe wizi, maana watu hubadilisha injini, lakini mabadiliko hayo yanapaswa kuwa kwenye rekodi. Chesisi isipolingana usiulize maelezo. Na hata ikilingana, utafutaji hauonyeshi kila chombo kilichoripotiwa kuibiwa, kwa hiyo pita na namba hiyo kituo cha polisi.

Kuna mikopo pia isiyoonekana NTSA. Tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, mkopeshaji anaweza kuandikisha dhamana kwenye sajili ya dhamana hizo iliyo chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, na dhamana hiyo humfuata mnunuzi. Unatafuta kwa namba ya kitambulisho ya mwenye mali. Kwa boda ya elfu sabini watu wengi huona ni kazi nyingi. Kwa gari la laki nane, fanya.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wako wauzaji waaminifu ambao majina yao hayamo kwenye rekodi. Mwaka jana alikuja mzee na Probox ya ndugu yake marehemu, ana cheti cha kifo, ana logibuku halisi, ana mnunuzi wa kweli. Cheti cha kifo hakimpi mtu uwezo wa kuhamisha. Ilibidi waende kwa Kadhi kupata hati ya mirathi kwanza, na mnunuzi akasubiri. Alisubiri vizuri, na gari ni lake leo. Aliye Qatar naye hana shida yoyote ya kuanzisha uhamisho kutoka Qatar, mradi akaunti yake iko hai na laini yake inapokea ujumbe. Ukiambiwa mwenyewe yuko nje, mwambie aingie kwenye akaunti yake leo usiku.

Wauzaji huniambia nao wanaogopa: "Nikianzisha uhamisho kabla ya kulipwa, je, akikimbia?" Ni hofu ya haki. Nifanyavyo hapa ni hivi. Wote wawili wanaketi mbele yangu na vitambulisho. Mnunuzi anafanya utafutaji kwa akaunti yake, tunatoka nje kulinganisha chesisi, tunaandika mkataba wenye namba zote mbili, bei na saa. Mwuzaji anaanzisha uhamisho. Ombi likionekana kwenye akaunti ya mnunuzi, mnunuzi anatuma pesa kwa laini yenye jina lile lile la kwenye kitambulisho na rekodi. Pesa ikifika, analikubali ombi palepale. Hakuna anayeondoka kwenye kiti mpaka hapo. Inachukua kama saa moja mtandao ukiwa mzuri.

Kwa wanaotafuta gari na si pikipiki, yote haya ni yale yale, ila magari mengi ya Japani hayana tarakimu 17. Yana namba fupi kama NZE141 halafu kistari na tarakimu, na si kasoro.

Mpwa wangu ameripoti polisi. Jumatano alienda Mtwapa kuangalia Boxer nyingine, bei 82,000. Akanitumia picha ya karatasi aliyoikwaruza kwa penseli: MD2, zote 17, mstari ulionyooka, na zinalingana na utafutaji alioulipia mwenyewe. Jina ni moja. Akamwomba mwuzaji aingie kwenye akaunti yake waanze. Mwuzaji akasema simu yenye laini hiyo ameiacha kwa mamake Malindi, lakini fomu ameshatia sahihi. Mpwa wangu akapanda matatu akarudi.