Kompyuta Ilipokula Gunia la Mzee

Orodha ya mapokezi ya kahawa pale Mbale ilipigwa taipu kwenye karatasi ndefu isiyoingia nzima kwenye kioo cha skana. Nikaskani mara mbili, juu kisha chini, nikihakikisha vipande vinapandana kidogo ili mstari usipotee katikati. Programu ya kusoma maandishi ya picha ikatoa mistari 28 kutoka kipande cha juu, 26 kutoka cha chini, nikaiweka yote kwenye Excel. Jumla 54, na karatasi ina 50. Yaani minne imejirudia.

Nikabonyeza Remove Duplicates. Excel ikafuta minne, ikabakiza 50. Nikaagiza chai.

Chai haijapoa, mzee mmoja akaingia. "Mwanangu, asubuhi nilileta gunia, jioni nikaleta jingine. Hiyo kompyuta yako hulala mchana?"

Nikajumlisha kilo: pungufu 45 kuliko jumla iliyoandikwa chini ya karatasi. Kumbe Excel ilifuta marudio mawili tu ya kweli. Mengine mawili yalipona kwa sababu hayakusomwa sawa: mkulima Wanyama (kilo 40) wa kipande cha pili alisomwa "Wanyarna", na mstari wa mwisho wa kipande cha kwanza (kilo 35) ulikatwa ukingoni, jina likabaki nusu. Hapo kukazidi kilo 75. Minne ilitimia kwa bahati tu, maana ilimeza pia gunia la pili la mzee na la mama mmoja, kilo 60 kila moja: jina lile, tarehe ile, uzito ule. Ndiyo maana hesabu ya mistari ilikaa sawa, shetani mkubwa huyo.

Nikarudisha mistari yote 54 kwa mpangilio wa skana, bila kupanga upya kwa majina. Marudio ya skani hukaa sehemu moja tu: mkia wa kipande cha kwanza na kichwa cha cha pili, yakifuatana. Vichwa vya safu vikiwa mstari wa 1, mkia ni mistari ya 26 hadi 29 na kichwa ni ya 30 hadi 33. Majina huharibika, basi nikalinganisha kilo, zilizo safu ya C:

```
=C26=C30
```

Nikaiburuta chini mistari mitatu: TRUE zote nne. Kilo zikiwa 60 tupu mfululizo, TRUE hazikuambii kitu. Soma na majina kwa macho.

Kufuta nako kuna ujanja. Ukingoni ndiko maandishi hukatika, kwa hiyo sikuchukua kipande kimoja chote. Nilifuta 28 na 29 kutoka cha kwanza, 30 na 31 kutoka cha pili. Nusu jina likaondoka, "Wanyarna" naye akaondoka.

Mistari 50, kilo zikalingana na karatasi. Mzee akatazama skrini, akahesabu magunia yake mawili kwa kidole, kisha akaomba risiti. Ya mkono.