Anza na mstari wa chini, si kichwa cha nguzo

Nikifundisha watu wazima wanaojiandaa kwa kozi ya ufundi, kosa ninaloliona mara nyingi ni hili: mtu akipewa grafu, macho yanakimbilia juu, kwenye nguzo iliyo ndefu kuliko zote. Nadhani sisi walimu ndio tuliowazoesha, kwa kuuliza kila mara, "Ipi kubwa?" Mimi sasa naanza na mstari wa chini.

Mfano ninaoupenda ni wa sensa za Tanzania. Mwaka 1988 tulihesabiwa watu milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4, na mwaka 2012 milioni 44.9. Chora nguzo tatu zenye nafasi sawa kati yake. Kutoka ya kwanza hadi ya pili kuna ongezeko la milioni 11.3, na kutoka ya pili hadi ya tatu milioni 10.5. Darasa zima hujibu kwamba kasi ya ongezeko ilipungua.

Hapo nawaambia wasome miaka iliyoandikwa chini. Kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14, lakini kati ya 2002 na 2012 ni 10 tu. Gawanya: 11.3 kwa 14 ni kama milioni 0.81 kwa mwaka, na 10.5 kwa 10 ni milioni 1.05. Kumbe kasi iliongezeka! Nguzo hazikudanganya, kwani kila moja inaonyesha idadi sahihi ya mwaka wake. Ila nafasi iliyo kati yake haikubeba muda.

Ndiyo maana kwa swali la kasi nataka grafu ya mstari, tena kwenye karatasi ya miraba. Mraba mmoja wa kulala uwe mwaka mmoja, na mraba mmoja wa kusimama uwe watu milioni 2. Kipande cha kwanza kinapanda miraba kama mitano na nusu huku kikitembea 14. Cha pili kinapanda mitano na kidogo kwa 10 tu. Mwinuko wa pili ni mkali zaidi, na mwanafunzi anauona kabla hajagawanya chochote. Akiongeza sensa ya 2022, milioni 61.7, kipande cha tatu kinasimama zaidi: milioni 1.68 kwa mwaka.

Swali la mwisho huwa ni la mwaka 2007. Ukipandisha rula kutoka 2007 hadi kwenye mstari, kisha ukasoma upande wa kushoto, unapata karibu milioni 39.7. Jibu hilo nalikubali likiandikwa "makadirio". Mwaka huo hapakuwa na sensa. Mstari tuliuchora sisi kuunganisha nukta mbili, na mwanafunzi asiyeandika neno hilo namrudishia daftari.