Miaka mitatu ya uzoefu huthibitishwa kwa barua

Nilikaa miaka kumi na moja katika ofisi ya rasilimali watu ya taasisi moja ya umma hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kufungua maombi ya kazi na kuyapanga. Niliondoka hapo nikiwa na jambo moja moyoni ambalo sijawahi kulisema hadharani. Vijana wengi niliowaandikia "hapana" kwenye jedwali walikuwa na sifa zote zilizotakiwa. Kilichokosekana ni karatasi ya kuzionyesha. Na mara nyingi vijana hao hao walikuwa wameambatisha, kwa gharama yao, vibali ambavyo sisi hatukuwa na haja navyo siku ile.

Septemba iliyopita binti ya dada yangu alinijia nyumbani Buruburu na simu mkononi. Tangazo lilikuwa limetoka kwenye MyGov, lile gazeti la serikali la kila Jumanne: nafasi ya afisa wa ununuzi katika shirika moja la serikali. Lilitoka tarehe 23 Septemba 2025, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumanne tarehe 14 Oktoba, saa kumi na moja jioni. Wiki tatu kamili. Sifa zilizotajwa zilikuwa shahada ya ununuzi na ugavi, uanachama hai wa KISM, chama cha wataalamu wa ununuzi na ugavi, wenye leseni ya mwaka huo, uzoefu wa kazi usiopungua miaka mitatu katika fani hiyo, na kutimiza Sura ya Sita ya Katiba, ile ya uadilifu.

"Mama mdogo, nimeshaanza," akaniambia. "Kesho naenda Posta Kuu kupigwa alama za vidole."

Nikamwambia aketi kwanza.

Nieleze kinachofanyika upande wa pili wa meza, kwa sababu mwombaji hakioni. Maombi yakishafika, kazi ya kwanza ni orodha ndefu. Ni jedwali la kompyuta. Kila mwombaji ana mstari wake, na kila sifa iliyo kwenye tangazo ina safu yake. Anayejaza jedwali hamtafuti aliye hodari. Anatafuta kitu cha kumruhusu kuandika "ndiyo" katika kila safu, na kitu hicho ni kiambatisho. Baadaye mkaguzi au mwombaji aliyekata rufaa akimuuliza kwa nini aliandika "ndiyo", lazima aweze kuonyesha karatasi. Maneno ya barua yako ya maombi hayamsaidii hapo. Safu moja ikipata "hapana", mstari wako haufiki kwenye orodha fupi, hata kama safu nyingine zote ni safi.

Safu ya shahada haiwasumbui wengi. Cheti kipo au hakipo. Ya chama cha taaluma huwanasa wachache: mpwa wangu alikuwa amepanga kuambatisha cheti cha uanachama peke yake, kile kizuri chenye muhuri. Lakini cheti hicho kinasema tu kwamba alipokelewa chamani. Leseni ya kufanya kazi huhuishwa kila mwaka, na tangazo liliposema "hai" lilimaanisha leseni ya 2025. Alikuwa nayo, imelala kwenye barua pepe yake. Tukaichapisha, ikamalizika hiyo.

Safu inayowaangusha watu ni ya uzoefu. Wasifukazi wake ulikuwa umeandikwa hivi: "2021–2022", "2022–2024", "2024 hadi sasa". Ukiusoma haraka unaona zaidi ya miaka minne. Anayejaza jedwali hasomi haraka, na "2022–2024" kwake yaweza kuwa miaka mitatu kasoro siku mbili au miezi kumi na tatu. Kwa hiyo anaugeukia ushahidi, na anahesabu kwa miezi hadi siku ya kufunga maombi.

Tukahesabu pamoja mezani. Ile ya 2021 hadi 2022 ilikuwa mafunzo kazini ya miezi kumi na miwili katika wizara moja, na barua yake inasema wazi kwamba si ajira. Katika meza niliyokaa mimi, mafunzo hayo hayakuingia kwenye hesabu ya uzoefu isipokuwa tangazo lenyewe liliruhusu. Hili halikuruhusu. Tukayaacha kwenye wasifukazi kwa jina lake halisi, kwa sababu kuyaita ajira ni kudanganya kwenye hati ya serikali, lakini hatukuyategemea. Kazi ya pili, kwenye kampuni moja ya Industrial Area, ilianza tarehe 1 Agosti 2022 na kuisha 31 Januari 2024. Hiyo ni miezi kumi na minane. Kazi ya sasa ilianza 4 Machi 2024, na hadi 14 Oktoba 2025 inatoa miezi kumi na tisa na siku kadhaa. Jumla ni miezi thelathini na saba. Anahitaji thelathini na sita. Amevuka, lakini kwa mwezi mmoja tu.

Sasa nikamuuliza ana karatasi gani ya Industrial Area. Akanionyesha barua ya kuajiriwa. Nikamuuliza ya kuondoka iko wapi. Hakuwa nayo.

Hapo ndipo ombi lake lingekufa. Barua ya kuajiriwa huthibitisha siku uliyoanza, basi. Haisemi ulikaa miezi kumi na minane au wiki mbili. Bila ya kuondoka, anayejaza jedwali ana uhakika na kazi ya sasa pekee, yaani miezi kumi na tisa, naye ataandika "hapana" akiwa na haki kabisa. Nimeandika "hapana" za namna hiyo nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, nikijua kwamba huenda mwenye faili alifanya kazi kweli kweli.

Kinachoniuma ni kwamba karatasi hiyo ni haki ya mfanyakazi. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi kazi inapoisha, ilmradi alifanya kazi angalau wiki nne mfululizo. Cheti hicho hutaja jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, aina ya kazi na mahali pake, na siku aliyoacha. Ni vitu vile vile ambavyo jedwali linavitafuta. Si barua ya sifa, na mwajiri halazimiki kukusifu. Analazimika kutaja tarehe. Hata aliyeondoka kwa ugomvi anastahili kupewa.

Mpwa wangu aliogopa kurudi kule, maana hakuagana vizuri na msimamizi wake. Tukaandika barua pepe fupi kwa ofisi ya rasilimali watu ya kampuni, si kwa msimamizi, tukataja kifungu hicho na tarehe zote mbili ili wasipate shida ya kuzitafuta. Siku nne kimya. Wakati tukisubiri, nikamwambia atoe taarifa ya michango yake ya NSSF, kwa kuwa inaonyesha mwezi kwa mwezi ni mwajiri gani alikukata na kuwasilisha. Haichukui nafasi ya cheti cha utumishi na haisemi ulikuwa ukifanya kazi gani, lakini ikiwekwa pamoja na barua ya kuajiriwa inampa anayejaza jedwali mahali pa kusimama. Siku ya tano akapiga simu mwenyewe, na Ijumaa hiyo akapewa barua ya aya mbili. Tarehe zilikuwa sahihi. Kwa kazi ya sasa akaomba barua ya mwajiri inayosema yupo kazini tangu 4 Machi 2024 na cheo chake ni nini.

Sasa nirudi kwenye alama za vidole, maana hapa nina maoni makali.

Vibali vya Sura ya Sita vinajulikana: cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, cheti cha kutimiza wajibu wa kodi kutoka KRA, kibali cha HELB cha mkopo wa masomo, fomu ya kujieleza ya EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na ripoti ya CRB ya historia ya mikopo. Kile cha polisi peke yake ni shilingi 1,050 kwenye eCitizen, kisha ufunge safari ya kupigwa alama za vidole, kisha usubiri. Cha KRA hakipatikani kama kuna mwaka ulisahau kuwasilisha ritani, hata ya sifuri, na faini ya kuchelewa kwa mtu binafsi huanzia shilingi 2,000. Mtu asiye na kazi anatoa fedha hizi wapi, tena kwa nafasi moja inayoombwa na maelfu?

Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili kuondoa mzigo huu. Mwajiri haruhusiwi kudai vibali hivyo ila pale anapokusudia kuingia mkataba wa maandishi na mtu, na asiyevitimiza anaweza kuondolewa ofa. Ni utaratibu wa haki, kwa sababu anayelipia kibali ni yule aliye karibu na kazi. Lakini bado naona matangazo yanayodai vyote viambatishwe na ombi la kwanza. Nasema hili kama mtu aliyekaa ndani: orodha ndefu haivihitaji. Tulikuwa tunavipakua, tunaandika "ndiyo", na hakuna aliyevisoma hadi siku ya usaili. Ofisi zinazoendelea kuvidai kwa kila mwombaji ziache.

Ukali wa sifa zenyewe siupingi. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuta vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi. Aliyeiona ripoti hiyo hawezi kuwalaumu wanaodai kila sifa iwe na hati yake.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi hata moja, tulilisoma tangazo lile tena, polepole, mstari kwa mstari. Chini kabisa liliandika kwamba watakaoitwa kwenye usaili ndio watakaoleta vibali, pamoja na vyeti halisi. Safari ya Posta Kuu ikaahirishwa. Kama lingevidai na ombi, ningemwambia avilipie na aviambatishe, kwa sababu safu tupu humwadhibu mwombaji na si ofisi iliyokosea. Vya kodi pekee tulivikagua mapema kwa kuwa havikuwa na gharama ya kuangalia, na kumbe ritani zake zote zilikuwa zimewasilishwa.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba tulikwenda saiba kuskani. Tuliweka viambatisho katika faili moja, kwa mpangilio ule ule wa sifa kwenye tangazo: shahada, leseni ya KISM, barua ya kuajiriwa Industrial Area ikifuatwa na ya kuondoka, ya mwajiri wa sasa, kitambulisho. Kwenye wasifukazi kila kazi ikapata siku, mwezi na mwaka wa kuanza na kuisha, na mbele yake idadi ya miezi. Akatuma saa nane mchana, akapiga picha ya ujumbe wa kupokelewa.

Jina lake lilitoka kwenye orodha fupi wiki ya pili ya Novemba. Jioni hiyo ndipo alipolipia cheti cha polisi, na asubuhi yake nikamsindikiza hadi Posta Kuu.