Chernobyl: kinu kilikuwa kinataka kuzimika

Kila Aprili utasikia kwamba zenoni, gesi inayozaliwa ndani ya kinu cha nyuklia, ndiyo iliyolipua kinu cha Chernobyl huko Ukraine. Mimi sikubali. Zenoni ilikuwa inakizima kinu kile, na balaa ilitoka kwa watu waliokataa kizimike.

Fikiria tangi la maji lenye bomba la kuingiza na matundu ya kutoa: tangi ni kinu, maji ni zenoni, na bomba ni iodini. Urani ikipasuka huzaa iodini-135, ambayo huoza polepole na kuwa zenoni-135, gesi yenye uchu wa ajabu wa kumeza nyutroni, chembe ndogo zinazopasua urani. Bila nyutroni hakuna mpasuko. Kinu kikiwa kazini, zenoni huondoka kwa matundu mawili: huoza yenyewe, au humeza nyutroni na kugeuka zenoni-136 ambayo haisumbui. Tundu la pili ndilo kubwa. Ukipunguza nguvu ghafla, tundu hilo huziba kwa kuwa nyutroni zimepungua, lakini bomba la iodini linaendelea kumwaga mali ya saa zilizopita. Nusu ya iodini huoza kwa saa 6.6, nusu ya zenoni kwa saa 9.1. Ndiyo maana kinu kilichozimwa kutoka nguvu kamili hujaa zenoni kwa saa kama 10 hivi, kisha huhitaji siku nzima au zaidi kurudi kilipokuwa. Hapo katikati unaweza kuchomoa fimbo zote za kudhibiti, zile zinazomeza nyutroni ili kupunguza nguvu, na kisiwake.

Sasa twende kinu namba 4. Tarehe 25 Aprili 1986 kilishushwa hadi nusu ya nguvu kwa ajili ya jaribio. Saa nane mchana wasimamizi wa gridi huko Kiev wakaomba umeme usikatwe, kikabaki hapo hadi saa tano usiku. Wengi hulaumu kuchelewa huko, lakini kwa saa zile zote nyutroni za nusu nguvu zilikuwa zikiila zenoni. Kwangu mimi, dakika yenyewe ni saa 6 na dakika 28 usiku, nguvu ilipoporomoka hadi megawati 30 za joto, wakati jaribio lilitaka angalau 700. Hapo tundu kubwa likaziba.

Wangezima na kusubiri, hasara ingekuwa ratiba tu. Badala yake wakachomoa fimbo moja baada ya nyingine, wakaambulia megawati 200, huku zenoni ikizidi kujaa. Hesabu za baadaye zilionyesha akiba ya fimbo ndani ya kinu ilifika sawa na 8, na kanuni ilitaka 15. Kinu kikaonekana kimetulia, kumbe breki pekee iliyobaki ni gesi ambayo nguvu ikipanda huliwa na nyutroni na kutoweka. Saa 7 na dakika 23, mvuke ulipoongezeka na kitufe cha kuzima kikabonyezwa, fimbo zenye ncha za grafiti, kitu kinachochochea mpasuko, ziliongeza nguvu kwanza kabla ya kuipunguza, na kinu kikalipuka.