Sampuli ya vipindi 36: jedwali la mtawanyo wa kawaida linatosha kwa kiasi gani?

"Muda unaopita kati ya mteja mmoja na mwingine kwenye kibanda cha wakala wa pesa una wastani wa dakika 12 na mkengeuko sanifu wa dakika 12. Nikipima vipindi 36, kosa sanifu la wastani ni ngapi, na kuna uwezekano gani wastani huo uzidi dakika 16? Mwalimu ametumia jedwali la mtawanyo wa kawaida. Mwenzangu anapinga, anasema data zimepinda mno. Nani yuko sahihi?"

Kosa sanifu halina ubishi. Ni mkengeuko sanifu uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa sampuli, yaani 12 kugawanya kwa 6, nalo ni dakika 2. Hesabu hii haitegemei umbo la data hata kidogo. Inatokana na kanuni ya variansi ya jumla ya vipimo visivyotegemeana, kwa hiyo mwalimu na mpinzani wake lazima wakubaliane hapa. Ubishi unaanza pale tunapotaka kugeuza dakika hizo 2 kuwa uwezekano.

Mwalimu anaendelea hivi: dakika 16 ziko dakika 4 juu ya wastani, na 4 ni makosa sanifu 2, kwa hiyo z = 2. Eneo lililobaki upande wa kulia wa z = 2 katika mtawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, ni 0.0228. Kinachomruhusu kufanya hivyo ni nadharia ya kikomo cha kati, ambayo Laplace aliipa sura pana mwaka 1810: wastani wa vipimo vingi visivyotegemeana, vyenye variansi yenye kikomo, huelekea umbo la kengele hata kama kila kipimo peke yake hakina umbo hilo. Tofauti ya kipimo kimoja na wastani ni kubwa kweli. Ikiwa wateja huja kiholela kwa kasi isiyobadilika, uwezekano wa kipindi kimoja tu kuzidi dakika 16 ni karibu 0.26, lakini wastani wa vipindi 36 kufika huko ni tukio adimu. Mwanafunzi anayesahau kugawanya kwa 6 huwa amejibu swali la kipindi kimoja, tena kwa mtawanyo usiokifaa.

Mpinzani naye ana hoja ya kweli. Vipindi vya namna hii hufuata mtawanyo wa eksponensheli: vingi ni vifupi, vichache ni virefu sana, na mkia wote uko kulia. Ishara yake imo ndani ya swali lenyewe, kwa kuwa wastani na mkengeuko sanifu ni sawa, na muda hauwezi kushuka chini ya sifuri. Nadharia inasema wastani *unaelekea* umbo la kengele; haisemi kwamba umeshafika pale sampuli inapofika 36, wala ile kanuni ya vitabuni ya "30 na kuendelea" haikutoka ndani ya nadharia hiyo.

Bahati nzuri, kwa kisa hiki hatuhitaji kubishana kwa maneno, kwa sababu jibu kamili linaweza kukokotolewa. Wastani wa vipindi 36 kuzidi dakika 16 ni sawa na kusema kwamba jumla yake imezidi dakika 576, na jumla ikizidi dakika 576, maana yake ndani ya dakika hizo wamefika wateja wasiozidi 35. Kwa kasi ya mteja mmoja kila dakika 12, tungetarajia wateja 48. Hilo sasa ni swali la mtawanyo wa Poisson, na katika programu ya R majibu yote mawili hupatikana kwa mistari miwili:

```
1 - pnorm(16, 12, 2)   # 0.0228
ppois(35, 48)          # 0.0309
```

Kwa hiyo uwezekano wa kweli ni karibu 0.031, na jedwali limeupunguza kwa zaidi ya robo. Tukigeukia upande wa pili, yaani wastani kushuka chini ya dakika 8, jedwali linatoa 0.0228 ileile kwa sababu kengele ina pande sawa, ilhali hesabu kamili, ambayo ni kufika kwa wateja 36 au zaidi ndani ya dakika 288 zinazotarajiwa kuleta 24, inatoa karibu 0.013. Huku jedwali limezidisha sana.

Jambo linalonivutia ni kwamba makosa hayo mawili yanakaribia kufutana. Tukijumlisha mikia yote miwili, jedwali linasema 0.0455 na hesabu kamili inasema 0.0441. Anayeuliza kama wastani utatoka nje ya dakika 8 hadi 16, upande wowote ule, anahudumiwa vizuri kabisa na mbinu ya mwalimu, hata kwa data zilizopinda hivi. Anayeuliza upande mmoja tu, kama swali letu linavyofanya, ndiye anayepotoshwa. Basi mbinu ni ya mwalimu, lakini kwa swali hili mahususi mpinzani ameona sawasawa.

Kuongeza sampuli husaidia, ila polepole. Kosa linalotokana na kupinda hupungua kwa kipeuo cha pili cha ukubwa wa sampuli. Tukipima vipindi 144 badala ya 36, kosa sanifu linakuwa dakika 1, na z = 2 sasa iko kwenye dakika 14. Uwezekano wa kweli wa kuipita ni karibu 0.027: kazi imeongezeka mara 4, na pengo kati yake na jedwali limepungua kwa nusu tu.

Hata hivyo, mimi nisingeanza na kupinda. Ningeuliza kwanza vipindi hivyo 36 vilipimwaje, kwa sababu zile dakika 2 tulizozikubali bila ubishi zilisimama juu ya sharti kwamba vipindi havitegemeani. Kama vyote vimepimwa kwa kufuatana mchana mmoja, saa za foleni huzaa vipindi vifupi mfululizo na saa za utulivu huzaa virefu mfululizo. Tuseme uhusiano kati ya kipindi na kinachokifuata ni 0.2 tu, kwa kile cha baada yake 0.04, na kuendelea kupungua hivyo. Variansi ya wastani huongezeka kwa karibu nusu, kosa sanifu hupanda hadi dakika 2.4 hivi, z hushuka hadi karibu 1.64, na jedwali lilelile la kengele sasa linatoa 0.05. Hapo jibu limepita maradufu ya 0.0228, wakati kupinda kote kulilisogeza hadi 0.031 tu. Tena kasoro hii haiondoki kwa kuongeza sampuli: ukipima vipindi 144 kwa mtindo uleule, kosa sanifu litabaki pungufu kwa uwiano karibu uleule.

Njia ya kuitambua ni kuchora vipindi kwa mpangilio wa saa vilivyotokea, wala si kwa ukubwa, na kuangalia kama vifupi vimejikusanya pamoja. Mchoro wa ukubwa peke yake, ambao ndio mpinzani aliutazama, huonyesha kupinda na kuficha mfuatano.