Nakisi ikipungua, deni bado linapanda

"Kama nakisi imepungua, mbona deni limeongezeka?"

Ndugu, nakisi ni pengo kati ya mapato na matumizi ya serikali kwa mwaka mmoja wa fedha, Julai hadi Juni. Deni ni mikopo yote ya nyuma ambayo haijalipwa. Pengo dogo nalo linazibwa kwa mkopo, hivyo deni linapanda, ila polepole.

Mimi naogopa zaidi riba. Kwenye mnada wa Benki Kuu, dhamana ya siku 364, yaani hati ambayo serikali hukopea, itakayolipa shilingi 100 ikinunuliwa kwa 92, riba ni karibu asilimia 8.7. Serikali ikitaka fedha nyingi mno, inalazimika kukubali hata waliotoa 88, na riba inafika 13.6. Benki ya biashara ikishapata riba hiyo bila jasho, mfanyabiashara wa Kariakoo atakopeshwa kwa ngapi?